Kadi Yetu ya Miandiko Miwili

Tulipomaliza chuo cha ualimu Kasulu, mimi nilibaki hapa na mwenzangu akapangiwa Kibondo. Siku ya kuzaliwa kwangu, Agosti, alinitumia kadi kwa konda wa basi: "Hongera, mwalimu. Sasa jifunze kusonga ugali usio na madonge."

Kununua nyingine niliona uvivu. Machi, siku yake ilipofika, niliandika chini ya maneno yake nikairudisha hiyo hiyo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sheria yetu: kadi moja, miandiko miwili. Anayeipokea anakaa nayo mpaka siku ya mwenzake. Ilipojaa tuligundisha karatasi, kisha nyingine, ikawa inakunjuka kama mkeka.

Maisha yetu yote yamo humo. "Nimezaa wa kike. Analia kuliko wewe ukihamishwa darasa." Miaka ikapita, nami nikaandika: "Asante kwa kuja msibani. Uliosha vyombo, hukuniambia nijikaze." Kisha yeye: "Nimestaafu. Asubuhi bado nasikia kengele."

Agosti ya 2014 kadi haikuja. Ulikuja ujumbe wa simu: "Heri ya siku ya kuzaliwa. Mungu akujalie miaka mingi." Maneno ya kumtumia mtu yeyote! Nilinuna. Nilipompigia alicheka, akaanza habari za mahindi. Hapo hasira ikageuka hofu: labda amenichoka. Nikapanda basi.

Nilimkuta barazani akichambua maharage kwa vidole, uso ameuinua.

"Mwakeye, mwalimu," nikamsalimu kwa Kiha.

Aligeukia sauti yangu, lakini macho yake yalitua begani kwangu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemaliza kuona kwake. Nilikaa chini nikalia bila kujificha, nikamwambia jinsi nilivyonuna nikidhani amenichoka.

"Ujumbe aliandika binti yangu," akasema. "Sikutaka ujue kwenye simu."

"Si angeandika kwenye kadi?"

"Kadi ina miandiko miwili, mwalimu. Wa tatu angeingiaje?"

Aliagiza iletwe. Alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Nikamsomea kuanzia juu. Kila nilipoanza mstari, yeye aliumalizia. Aliijua yote.

Tulipofika chini, palipokuwa patupu, akasema, "Mwandiko wako ni mmoja wa ile miwili. Shika kalamu."

"Nijiandikie mwenyewe hongera?"

"Nasema mimi. Wewe andika, na usinipunguzie neno. 'Hongera, mwalimu. Umezeeka na bado unanuna. Sikukuchoka. Naogopa giza, lakini sauti yako naiona.'"

Niliandika. Alipapasa karatasi mahali kalamu ilipokandamiza.

"Umeandika yote? Hata lile la unanuna?"

"Hata hilo."

"Haya. Machi uje mwenyewe, usimpe konda."

Nikaikunja kadi nikaitia mkobani. Ilikuwa zamu yangu kukaa nayo.