Jina Langu Kwenye Gogo

Wivu wangu wa kwanza katika ndoa haukuwa wa mwanamke wa nje. Ulikuwa wa wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, na namna midomo yake ilivyokuwa ikikaa anapopiga mluzi.

Mume wangu ni Mkongo, mtu wa mto mkubwa. Alikuja Bagamoyo kufundisha ngoma kwenye chuo cha sanaa, mimi nilikuwa nashona nguo za wachezaji, na mengine mnayajua. Mwaka wa pili wa ndoa akamleta dada yake. Tukampa chumba cha uani, akaanza kusuka watu nywele barazani kwetu, na tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa na lugha ambayo sikukaribishwa.

Ingekuwa wanaongea kwa mdomo ningevumilia. Maneno ya mdomo unaweza kuyashika moja moja, ukauliza hili nini na lile nini, mwisho ukajua. Wao walikuwa wanapigiana mluzi. Mume wangu yuko nyuma anachonga ngoma, dada yake yuko barazani na kichwa cha mteja magotini, mimi niko katikati kwenye cherehani. Mluzi unanipita juu ya kichwa kwenda, unanipita kurudi, halafu wote wawili wanacheka. Mama yangu alitulea akisema mwanamke hapigi mluzi, na akipiga usiku anaita nyoka ndani. Nilitamani sana nyoka huyo aje, angalau nipate cha kusema.

Siku moja nikamtaka anieleze. Kueleza anajua, ndiyo kazi yake. Akasema lugha ya kwao kila silabi ina sauti yake, ya juu au ya chini, na ukikosea sauti umesema jambo jingine. Mluzi unaacha irabu, unaacha konsonanti, unachukua ule mpando na mshuko peke yake. Gogo lake linafanya hivyohivyo. Ni pande la mti lililochimbwa ndani kupitia ufa mwembamba, lina midomo miwili, mmoja ukiupiga unatoa sauti ya juu, wa pili ya chini. Ndiyo alfabeti yake yote.

Nikamwuliza, basi maneno yenye mpando na mshuko mmoja mnayatofautishaje? Hapo akafurahi, akasogeza kigoda. Akasema ndiyo maana gogo halisemi neno fupi. Huwezi kupiga "moto" ukaishia hapo, maana maneno mengi yana wimbo huohuo. Unapiga moto mwekundu unaokula kuni za aliyezikusanya, na kufika mwisho hakuna wa kukosea. Neno fupi la mdomoni linavaa mkia mrefu likipanda kwenye gogo. Na watu ni hivyo pia. Kila mtu kwao ana jina la gogo, refu, lenye sifa au utani wake, na la baba yake linafuata nyuma.

Nikasema, "Piga la kwangu."

Akachukua vijiti vyake vyenye mpira kichwani, akapiga mara tatu: chini, juu, chini. Nikatabasamu kama mjinga. Kisha akataja jina la jirani yetu muuza maandazi, akapiga: chini, juu, chini. Akataja la dada yangu, la mwalimu wa madrasa, la mke wa mwenye duka la mbele. Chini, juu, chini, wote. Akasema Kiswahili chenu hakina sauti za juu na chini, kina mkazo tu, na mkazo unakaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho. Nikiita hivi mtaa mzima utaitika.

Alikuwa anafundisha tu, najua. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba wifi yangu ana jina la kujaza pumzi mbili, na mimi nina vipigo vitatu ninavyochangia na muuza maandazi. Nikamwambia anipe basi jina la kwao. Akasema jina halitolewi na mume, linatolewa na wazee, na wazee wako mbali. Nikauliza dada yake ana maoni gani. Akampigia mluzi palepale kumwuliza, mimi nimesimama, naye akajibu kwa mluzi. Sikuambiwa alichojibu. Siku ile nilikata kitambaa cha watu vibaya, na sikujali.

Nikaanza kwenda Zinga kila nilipopata nafasi, kwa dada yangu mkubwa. Yeye ana shamba la mihogo na mpunga kidogo bondeni, na tulipokuwa wasichana tulikuwa tukifukuza ndege kwenye mpunga huo, kwa mluzi wa vidole viwili, mama akiwa mbali. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wa milimani huko nchi za mbali, ambao lugha yao haina sauti za juu na chini kama yetu isivyo nazo, na bado wanapigiana mluzi toka kilima hadi kilima. Wao hawachukui wimbo wa neno maana hamna. Wanachukua irabu. Nilisikiliza klipu zile mpaka bando likaisha, nikanunua jingine.

Dada yangu alidhani nimechanganyikiwa, lakini hana hiyana. Tulianza na irabu tupu. I iko juu kabisa, kali. E chini yake kidogo, a chini zaidi, o na u huko kisimani. Ulimi wenyewe unajua njia, ukijaribu kusema i huku unapiga mluzi unajikuta umepanda. Konsonanti ndizo zilitutoa jasho. K na t unazikata, mluzi unavunjika ghafla. L na w hazikatwi, unateleza nazo. Nyingine hazitofautiki hata ufanyeje, kwa hiyo tulichagua maneno ambayo kila mmoja alijua mwenzake anayangoja, na tukayarudia kwa sentensi moja moja. Dada akasimama ng'ambo ya mpunga, mimi huku. Siku aliyonipigia nilete jembe nami nikalileta bila kuuliza, tulikaa chini kwenye tuta tukacheka mpaka machozi.

Alipokuja kututembelea Bagamoyo baada ya Idi, nilikuwa tayari. Mume wangu yuko kwenye gogo lake, wifi yuko na kichwa cha mtu. Dada yangu yuko jikoni, mimi nikakaa ukumbini kwenye cherehani, katikati yao wote kama kawaida. Nikaweka vidole mdomoni.

Patasi ikanyamaza. Dada akanijibu toka jikoni, nami nikamjibu, naye akajibu tena. Mume wangu akatokea mlangoni na vumbi la mti kwenye nyusi. Yule mtu ana sikio la kumsikia mwanafunzi aliyekosea mkono katikati ya ngoma kumi, na nikamwona anatega sikio hilohilo na halikamati kitu. Alikuwa anasikia juu, anasikia chini, anatafuta sauti za kwao mle ndani, na hazimo. Zilikuwa irabu tu. Akamtazama dada yake, dada yake akabetua midomo kwamba hata yeye hajui.

"Mnasema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia mambo ya wanawake. Nisidanganye, nilisikia raha kubwa. Jioni ile aliuliza tena, na kesho yake asubuhi, na dada yangu alipoondoka akauliza kwa hasira kabisa, kwamba si adabu watu kusemezana hivyo mbele ya mwenye nyumba. Nikamtazama tu nione kama anajisikia anachosema. Kisha nikamwambia nitamweleza kila neno siku nitakapokuwa na jina kwenye gogo.

Usiku ule ule akampigia simu mjomba wake.

Mjomba huyo ndiye mpigaji mkubwa kijijini kwao, na hatoi jina kwa mtu asiyemjua. Alitaka aelezwe mimi ni mtu wa namna gani. Mume wangu akasema mimi ni mtulivu na mchapakazi, mjomba akasema hilo si jina, mpe simu dada yako. Wifi akaichukua simu akaenda nayo chumbani kwake uani, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu. Nilipita nje ya dirisha mara kadhaa nikijifanya naanua nguo ambazo hazikuwapo kambani. Sikuambulia kitu, walikuwa wanaongea kikwao.

Baada ya siku chache jina likaja, kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Mjomba alilipiga mwenyewe kwenye gogo lake, na nyuma yake kuku wanasikika. Lilikuwa refu. Lilipanda, likashuka, likakaa chini kwa vipigo vingi, likapanda tena ghafla, na mwisho likaja la baba yangu. Baba alikuwa mvuvi, nao walimwita mtu anayeivuta kamba ya chumvi. Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi hata sitaki kusema. Niliujua kwa moyo kabla sijaambiwa maana yake.

Mume wangu hakutaka kunitafsiria. Wifi ndiye aliyetafsiri, huku anamsuka mtu, bila kuinua macho.

"Mwanamke wa maji ya chumvi anayesimama mlangoni kusikiliza yanayosemwa ndani, binti wa mvuta kamba ya chumvi."

Mteja wake akacheka. Mimi nikasema ahsante, maana ningesema nini, jina nilililia mwenyewe. Nikamtimizia mume wangu ahadi. Nikamweleza kila neno nililosema na dada yangu siku ile: chai imechemka, nimeweka tangawizi, vikombe viko wapi. Akauliza ndiyo hayo tu, nikasema ndiyo hayo tu, akarudi kwenye patasi yake akiwa amenuna kama aliyeibiwa.

Nilidhani wivu umekwisha hapo. Zamani mluzi ulipokuwa unanipita kichwani nilikuwa nashuku tu kwamba wananisema, na anayeshuku ana nafasi ya kujiambia huenda wanaongelea bei ya nywele za kusukia. Sasa sina nafasi hiyo. Katika mafuriko yote ya mluzi wao ninajua kitu kimoja, jina langu, na kwa urefu wake haliwezi kunipotea. Likitajwa ninalisikia lote, na mtu wa kamba ya chumvi mwishoni. Kilichosemwa kabla yake sikielewi. Kilichosemwa baada yake sikielewi.

Jana nilikuwa jikoni nasonga ugali. Wifi akapiga mluzi toka barazani, jina zima, taratibu, halafu kitu kifupi. Mume wangu akajibu kifupi zaidi. Wakacheka, patasi ikaanza tena. Nikaepua sufuria, nikaja nikasimama mlangoni na mwiko mkononi, nikingoja wanitaje tena.