Maziwa Mlangoni mwa Ghala

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba, nilikuwa nesi wa zahanati huko Nkoma. Mnunuzi mmoja alikodi ghala lisilo na madirisha. Mchana watu wake walikuwa wakijifungia humo na jenereta kwa ajili ya taa, wakichanganya pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la chini, na kuinyunyizia maji iongeze uzito. Mlango ulifungwa ili wakulima wasione.

Siku hiyo nilikuta watu wamejaa nje. Wachambuzi wawili, mtu na mkewe, walikuwa wameanguka ndani. Msimamizi alisimama kivulini akitafuna muwa.

"Wamelewa hao," akaniambia. "Nimenusa, hakuna moshi."

"Sumu ya jenereta hainuki," nikasema. "Fungueni milango yote, mzime hiyo mashine. Asiingie mtu na kubaki humo!"

Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, mtu mmoja akaizima jenereta akiwa hapo hapo kizingitini. Wanaume wawili wakaingia mbio na kuwaburuta wale wagonjwa hadi kwenye upepo. Mume alitapika miguuni pangu, akilalamika kichwa kinapasuka. Alitaka kusimama.

"Baba, tulia hapo hapo. Usitembee."

Mke hakuitika. Niliinamisha sikio mdomoni pake: alikuwa anapumua, polepole. Nikamlaza ubavu, nikainua kidevu chake, nikalegeza khanga kiunoni, nikabaki nikihesabu pumzi zake. Zikikatika, ningeanza kumpulizia na kumkandamiza kifua.

Ndipo kibuyu cha maziwa kikafika.

"Mayu, mama yangu, mnyweshe, yanafukuza sumu," bibi mmoja akasema.

"Hajitambui, bibi. Yataingia mapafuni, atakufa mikononi mwetu."

Msimamizi akakichukua kibuyu, akachuchumaa, akaanza kumpanua mama yule mdomo kwa vidole vyenye utomvu wa muwa. Nilimsukuma akaanguka kitako.

Zahanati haikuwa na oksijeni. Nilimwambia msimamizi aite gari la hospitali ya Bariadi kwa redio iliyokuwa kwenye gari lake. Akauliza kwanza, "Utasema sumu wameipatia wapi?"

"Nitasema ukweli. Piga!"

Alipiga, kwa sababu watu walikuwa wamemzunguka. Tulisubiri muda mrefu. Mume akasema amepona, arudi nyumbani. Nikamkatalia, kwani anayejisikia nafuu bado ana sumu damuni. Gari lilipofika nilimweleza tabibu: jenereta, chumba kilichofungwa, muda waliokaa. Wote wawili wakawekewa oksijeni.

Mke aliamka kesho yake. Wiki chache baadaye akaanza kusahau, hata jina la mwanawe wa mwisho. Mumewe aliacha kazi ya pamba, wakahamia kwa ndugu zake Lalago.

Jioni ile ile walipopelekwa hospitali, kabla hatujapata habari zao, nilipita ghalani. Mizani ilikuwa inafanya kazi. Pamba ile ile yenye maji, na matapishi pembeni hayajafukiwa, ilikuwa ikipakiwa kwenye lori.