Mstari Uliobanduka

Niliisikia kabla sijaona chochote: sauti kama ya mtu anayebandua ganda kavu la mgomba, polepole, kisha ghafla. Nilikuwa bado kwenye veranda nikifuta viatuni matope ya njia ya Githongo. Ukungu wa Julai ulikuwa umelala juu ya Kinoru tangu alfajiri. Nilipofungua mlango wa chumba cha walimu nilimkuta mwenyekiti wetu amesimama mezani, picha mbili mikononi, moja kila mkono.

"Zimegandana," alisema. "Yule mtu wa studio hakuzikausha."

Alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mrefu, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Sisi mahakimu wengine tulikuwa wawili tu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi na kupewa hesabu za kidato cha kwanza nifundishe kwa sababu hakukuwa na mwingine. Wa pili alikuwa mwalimu wa kike kutoka upande wa Embu, ambaye kila mtu alimwita Madam. Alikuwa amefika mapema kuliko sisi sote, na alikaa karibu na jiko la makaa, mkoba magotini.

Kazi yetu ilikuwa kuchagua mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aende Nairobi kwa shindano la hesabu. Shule zote za Meru na Embu zilizokubali zilikuwa zimepewa swali lile lile. Mtihani wa moko ulikuwa karibu, na hakuna mwalimu aliyetaka daftari la mwanafunzi wake litoke shuleni, kwa hiyo mpiga picha alizunguka na kamera yake, akapiga kurasa, akazisafisha picha mwenyewe katika chumba chake cha giza. Kila picha ilikuwa na namba tu nyuma, kwa penseli. Jibu sahihi halikutosha, kwa maana karibu wote walilipata. Tulipaswa kulinganisha njia: ni nani aliyeeleza hatua zake waziwazi, nani aliandika kwa unadhifu, nani alipanga mawazo yakafuatana kama watu wanaovuka mto kwa mawe.

Kulikuwa na sheria moja. Hakimu akitambua kazi ya mwanafunzi wake, aseme, kisha atoke nje, asipige kura tena.

Tulianza. Swali lilikuwa la shamba la mstatili ambalo urefu wake unazidi upana kwa mita tano, na eneo lake ni mita za mraba themanini na nne. Tafuta vipimo. Asubuhi nzima niliona shamba hilo. Nililiona kwa mwandiko mnene na mwembamba, kwa wino uliochuruzika, kwa mistari iliyopanda kama njia za kahawa mlimani. Upana ni w, urefu ni w na tano. Zidisha. Leta themanini na nne upande huu. Tafuta vigawo. Kufikia saa sita macho yangu yalikuwa yamechoka kiasi kwamba alama ya usawa ilionekana kama vijiti viwili vinavyoelea majini.

"Kijana, usilale," mwenyekiti aliniambia. "Hujafika hata kwa nduma za mchana."

"Sijalala, Mwalimu. Nafikiri."

"Ukifikiri funga mdomo."

Madam alicheka kidogo, bila kutuangalia.

Mchana zilibaki picha mbili. Mwenyekiti alizilaza sambamba, akazishikilia kwa vikombe ili pembe zisijikunje. Namba saba ilikuwa nzuri ajabu. Pambizo limepigwa kwa rula, kila hatua kwenye mstari wake, jibu limepigiwa mistari miwili chini. Namba kumi na nne ilikuwa na neno lililokatwa kwa mstari mmoja, na herufi zilizosongamana. Tena palikuwa na doa jeupe katikati ya ukurasa, mahali picha ilipochunika.

"Saba," mwenyekiti alisema. "Huyu ni mtu. Angalia mkono huu."

Nilisema kwamba namba saba ameandika mlinganyo mmoja, akaweka alama ya usawa, akaendelea na mwingine, kana kwamba themanini na nne ni sawa na sifuri. Tena vigawo vyake vilitoa majibu mawili, saba na hasi kumi na mbili, naye akaiacha ile hasi bila kusema amepeleka wapi.

"Haraka ya kalamu," alijibu. "Na kumi na nne je? Ana vigawo, halafu paa! Upana saba, urefu kumi na mbili. Ameruka mto mzima. Mpangilio namtoa alama. Na ule uchafu pia namtoa."

"Uchafu ni wa picha, Mwalimu."

"Mimi nahukumu ninachoona."

Nilimgeukia Madam nikitarajia kura yake. Alikuwa ameangalia lile doa jeupe muda mrefu. Makaa yalipasuka jikoni. Nilidhani amechoka kama mimi, kwamba safari ya kutoka Kianjokoma na baridi na mashamba yote yale ya mstatili yamemmaliza. Vidole vyake vilikuwa vikifungua mkoba na kuufunga.

Nilijua hesabu yetu. Nikiwa na yeye, namba kumi na nne angeshinda, wawili kwa mmoja. Bila yeye ningebaki peke yangu na mwenyekiti, na kura zikilingana, neno la mwisho lilikuwa lake.

"Hakuruka," alisema hatimaye. "Kuna mstari pale."

"Wapi? Mimi naona nyeupe."

"Kuna mstari. Huyo mtoto haachi jibu bila sababu. Ni wangu."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Madam. Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza mngesema ameruka."

Madam alichukua namba saba, akaigeuza. Nyuma yake, pembeni mwa penseli ya namba, palikuwa na ngozi nyembamba ya picha, kama kipande cha ganda la kitunguu, imeng'ang'ania karatasi. Ndizo zile mbili zilizogandana asubuhi. Maandishi yake yalikuwa kinyume. Akatoa mkobani kioo kidogo cha kujitazamia, akakiweka mbele ya mwenyekiti, kisha akarudi nyuma hatua mbili, mikono kifuani, ili asije akaambiwa amemsomea.

Mwenyekiti aliinama. Alisogeza kioo, akakisogeza tena. Nilisoma juu ya bega lake. Majibu yote mawili yalikuwa pale, ile hasi imekatwa, na kando yake, kwa Kiingereza cha herufi zilizosongamana: upana hauwezi kuwa hasi.

Mwenyekiti alinyoosha mgongo. Alivuta karatasi ya alama, akakata tarakimu, akaandika nyingine. Akaifuta pia ile aliyomtoa kwa uchafu.

"Sheria ni sheria, Madam," alisema, bila ukali.

"Najua, Mwalimu."

"Ukungu ni mwingi. Chukua chai."

"Nitakunywa nikifika."

Madam alivaa sweta lake, akafunga kifungo kimoja kimoja. Alikuwa na uso wa mtu aliyefundisha jambo moja miaka mingi na hajui kama limeshika. Hakuuliza. Hakuomba kioo chake. Alipokuwa ameshatugeuzia mgongo, mkono kwenye kitasa, mwenyekiti aliondoa kikombe, akaitelezesha namba saba chini ya namba kumi na nne, aliyeshinda juu, akazisawazisha pembe kwa kidole gumba.

Nilifungua mdomo nimwite. Baridi iliingia, ikapeperusha karatasi, na mlango ukafungwa nyuma yake.