Zinki Ambayo Sikuiona

Shuleni Korogwe, kama ningefeli zoezi la vitendo la kemia, nisingeruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Nilidondosha sodiamu haidroksaidi kwenye myeyusho niliopewa ili nitambue metali iliyomo. Yakatokea mashapo meupe; nilipozidisha matone, yakayeyuka. Kwenye safu ya niliyoyaona nikaandika: zinki.

Mwalimu alisimama nyuma yangu. "Zinki umeiona wapi, bwana mkubwa? Ina mkia?"

Wenzangu wakacheka. Nikakata, nikaandika mashapo tu. Kisha nikatia amonia kwenye sehemu nyingine ya myeyusho. Mashapo meupe tena, ila nilipozidisha hayakuyeyuka. Mashapo ya zinki yangeyeyuka; kumbe haikuwa zinki. Kwenye safu ya makisio nikaandika: aluminiamu au risasi.

Nilifaulu. Lakini kengele ililia kabla sijajua ni ipi, na katika miji yote niliyohamia tangu hapo bado najiuliza.