Maelezo ya Hema Namba Tano

Kemilembe hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hasira yake aliitunza kama alivyotunza mahema: ikiwa kavu, imekunjwa vizuri, mahali panya hawafiki. Aliitunza hivyo miaka miwili, tangu asubuhi ile Rwekaza alipomfukuza kazi kambini kule Kishanda, mbele ya wageni wanne waliolowa hadi mifupani na wapagazi wote wakitazama.

Alikuwa mtunza stoo wa Rwekaza, mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni Bukoba na Muleba. Usiku wa kuamkia asubuhi hiyo mvua ilipenya hema namba tano kana kwamba ni chandarua. "Ulilikunja likiwa bichi, likaozea stoo!" Rwekaza alimwambia. Kemilembe alijua alilianika mwenyewe siku nzima kabla ya kwenda Izimbya kwenye msiba wa bibi yake, na aliporudi alilikuta kavu ndani ya mfuko wake. Lakini hakuwa na cha kuonyesha. Tangu hapo wapagazi wakamwita Mama Mvua. Aliomba kazi kwenye kambi mbili za wageni huko Muleba. Kote alijibiwa kwa upole kwamba nafasi imejaa, na kote alisikia watu wakicheka alipogeuka.

Sasa Rwekaza alikuwa anafunga kampuni na kuuza mahema yake sita. Mnunuzi alikuwa Mzee Burhani wa Bukoba mjini, mkodishaji wa vifaa vya safari, mtu asiyeingiza kitu stoo kwake bila karatasi. Kila hema lilitakiwa kuandikiwa mambo manne: linalaza wangapi, linazuiaje maji, lina uzito gani, limewahi kutengenezwa sehemu gani. Mwenye mali anasaini, na mashahidi wawili wanasaini chini yake. Karatasi hizo Mzee Burhani alikuwa akizining'iniza dukani, kila mkodishaji azisome.

"Nimetafuta mtu wa kuandika," mzee alimwambia Kemilembe, "nikaambiwa hakuna mwenye mkono safi kama wako."

"Mahema ya nani, mzee?"

Alipotajiwa jina, Kemilembe alisema atafika saa mbili kamili. Nyumbani alinoa penseli tatu.

Asubuhi iliyofuata mahema yote yalikuwa yamesimamishwa uani. Rwekaza alikuwepo, amevaa shati la kupigwa pasi, pamoja na Protase, mpagazi wake wa zamani aliyekuja kusaidia kubeba. Rwekaza alipomwona Kemilembe alijaribu kucheka.

"Kumbe ni wewe, dada! Basi leo mvua itanyesha."

"Itanyesha kwa zamu," alijibu Kemilembe, akafungua daftari.

Alianza na namba moja. Alipima sakafu kwa futi ya fundi cherehani: sentimita mia mbili na arobaini kwa mia mbili na kumi. Mtu mmoja huhitaji sentimita sitini za upana, kwa hiyo akaandika: *Wanne wakibanana bila mizigo; watatu na mizigo yao.* Alipanga magazeti makavu ndani, akamwagia kifuniko cha nje maji kwa keni ya bustani nusu saa, akaingia kupapasa mishono. Magazeti yalikuwa makavu. Kisha likafutwa maji, likakauka juani, likatundikwa kwenye mzani wa kupimia kahawa pamoja na nguzo na vigingi vyake: kilo sita na gramu mia nane.

Namba mbili ilikuwa na nguzo iliyowahi kupasuka, ambayo yeye mwenyewe aliivisha bomba fupi la chuma. Hapo mkono wake ulisita. Angeandika tu kwamba nguzo haiaminiki, nani angebisha? Rwekaza angepata hasara nzuri. Lakini alijua jambo moja: uongo mmoja kwenye namba mbili ungeua ukweli wowote atakaoupata kwenye namba tano, na namba tano ndiyo aliyoijia. Akaandika: *Nguzo moja imeungwa kwa bomba la chuma, imara.* Aliyatendea haki namba tatu, nne na sita vilevile, akaiacha tano mwisho. Haki yake aliiweka akiba.

Namba tano ilikuwa haijatumika tangu Kishanda. Walipoisogelea ilinuka uchachu kidogo. Kemilembe alipanga magazeti, akashika keni.

Dakika ya tatu, matone yalianza kudondoka ndani. "Si mnaona?" alisema Rwekaza. "Liliozea kwenye stoo yako."

Macho ya Kemilembe yalikuwa kwenye pindo la chini. Pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili na kushonwa, kulikuwa kunatoka kitu cheupe. Alimwaga maji zaidi. Kikatoka zaidi, kikavimba, kikateleza hadi kwenye nyasi.

"Mzee Burhani," aliita taratibu, "njoo unisaidie macho. Hiki ni nini?"

Mzee aliinama, akachukua kidogo kwa kidole, akanusa. "Povu. Sabuni ya unga hii."

Kemilembe alivua kifuniko, akakigeuza ndani nje. Utando wa kuzuia maji ulikuwa umebanduka kwa mistari, mstari baada ya mstari, upana wa brashi. Lakini chini ya pindo, ambako brashi haikufika, utando ulikuwa mzima, laini kama siku ulipotoka dukani.

"Hema likioza hutoka madoa na kunata," alisema. "Halitoki mistari. Hili limesuguliwa kwa brashi ngumu na sabuni, halikusuuzwa vizuri, likapoteza ngozi yake. Nani alilifua?"

Protase akajikuna kichwa. "Bosi, si ile siku mama huyu yupo msibani? Ulisema wageni watapiga picha, udongo mwekundu unaaibisha kampuni. Ukanituma maji ya moto na sabuni…"

"Funga mdomo, Protase!"

"Nafunga. Lakini brashi ulinipa wewe."

Hema lilipokauka na kupimwa, Kemilembe aliketi kwenye kigoda, akaandika nakala tatu bila haraka, kila herufi imesimama. *Linalaza watatu. Halizuii maji tena. Linafaa kwa kivuli cha jua tu. Kilo saba, mfuko ukiwemo. Lilifuliwa kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi kwa amri ya mwenye mali, siku tatu kabla ya safari ya Kishanda, mtunza stoo akiwa msibani Izimbya.*

Rwekaza alisoma, akamvuta Kemilembe kando. "Waitu, tafadhali dada yangu. Andika tu kwamba linavuja. Hayo mengine yamepita. Nakuomba msamaha."

"Unaniomba pembeni," alisema Kemilembe. "Kunifukuza ulinifukuza pembeni?"

"Unataka nini basi?"

"Saini. Usiposaini, mzee hachukui hema hata moja. Si ndivyo, Mzee Burhani?"

"Ndivyo," alisema mzee. "Sita au sifuri."

Rwekaza alisaini. Kalamu ilikwama katikati ya jina, Kemilembe akamkabidhi penseli yake. "Na nakala ya pili," alisema. "Na ya tatu. Protase, weka jina lako hapa kama shahidi. Na wewe, mzee."

Aliwatazama wote watatu wakiandika, na hakuona huruma yoyote ikimjia. Alisubiri kidogo, pengine ije. Haikuja.

Nakala moja ilining'inizwa dukani kwa Mzee Burhani, palipo na watu wengi. Mbili Kemilembe alizikunja, akazitia kwenye bahasha, akasimama barabarani kusubiri gari la Muleba, aende kwenye kambi zile mbili. Alitaka kuzisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote waliocheka.