Karatasi Isitoke Mkononi

Mwalimu Masalu alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Ungemuuliza ni kitu gani asichokijua katika ualimu, angekutazama juu ya miwani mpaka uone aibu wewe uliyeuliza. Shule yao iko nje kidogo ya Somanda, mahali ambapo bodaboda nyingi hugeuzia na mashamba ya pamba huanzia. Darasa lake la tatu lilikuwa na watoto themanini na wawili, na kati yao wote aliyemkosesha raha ni Kwandu.

Kwandu alikuwa na miaka kumi, mcheshi, hodari wa hesabu. Kusoma ndiko kulikomshinda. Alidonoa silabi moja moja kama kuku anayekula mtama, na akifika mwisho wa sentensi alikuwa ameshasahau mwanzo wake. Mwalimu mkuu, Mwalimu Gloria, alimpima kwa saa ya simu: maneno kumi na tisa kwa dakika. Akatamka mbele ya wote kwamba Ijumaa ya wiki ya pili kuanzia hapo, siku ya mkutano wa wazazi, atampima tena, na asipofikisha hamsini atarudi darasa la pili. Na huko darasa la pili alikuwamo Shija, mdogo wake wa kumfuata.

"Mwalimu, nikae dawati moja na Shija?" Kwandu alilalamika. "Atanicheka mpaka nizeeke."

Masalu hakulala vizuri. Ndipo akakumbuka daftari la mafunzo ya walimu, mambo aliyoyaandika huku akipiga miayo. Igizo la kusoma: watoto wanagawana sehemu, wanasimama mbele na karatasi mkononi, wanawasomea wenzao. Hakuna mavazi wala kurukaruka, kazi yote inafanywa na sauti. Na kurasa zilezile zinasomwa tena na tena kwa siku kadhaa, mpaka ulimi ulainike.

Akaandika igizo lake mwenyewe. Punda amechimba kisima wakati wa kiangazi, Ng'ombe na Fisi wanakunywa maji kwa siri, na Msimulizi anawaunganisha. Alipolimaliza akamsomea mkewe, Scola, aliyekuwa akichambua mchicha.

"Baba Milembe," Scola akasema, "huyo punda kaibiwa maji au anatangaza msiba?"

Masalu alinuna, lakini alirudia. Mara ya pili, ya tatu. Mara ya tano, Punda alipofoka, "Nani amekunywa maji yangu?", Scola aliangusha mchicha kwa kicheko.

Jumatatu aliwasomea darasa, nao wakifuata kwa kidole kwenye nakala zao. Darasa lililipuka! Kila mtu alitaka kuwa Fisi. Akawagawa katika makundi ya wanne wanne, mawili yakabaki na watatu, na huko Fisi akasoma pia sehemu ya Msimulizi. Kwandu akapewa Punda. Mpaka Jumatano chumba kilivuma kama mzinga wa nyuki, na Masalu alipita katikati yao akitabasamu peke yake.

Hapo ndipo ujuaji wake ulipomponza. Igizo gani, alijiuliza, la kushika karatasi kama karani wa pamba? Wazazi watatuonaje? Alhamisi akazikusanya nakala zote. "Sasa kila mtu aseme kwa kichwa," akaagiza.

Na wakasema! Watoto wa Kisukuma, waliolelewa kwa nyimbo za kulima, jambo wakilisikia mara tatu limenasa. Kwandu ndiye aliyewazidi wote. Alifoka, akabembeleza, akalia machozi ya punda. Masalu karibu arushe kofia. Jumatatu iliyofuata alikimbia mwenyewe ofisini kumwita Mwalimu Gloria.

Mwalimu Gloria alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi. Kisha akachukua nakala moja mezani, akaweka kidole katikati ya ukurasa wa pili. "Nisomee kuanzia hapa, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Kwandu akatazama. Midomo ikacheza. Akarudi mwanzo kabisa, "Hapo zamani za kiangazi", akaanza kuimba yote upya, macho yake yakiwa dirishani.

"Umemfundisha sikio, Mwalimu Masalu," Mwalimu Gloria alisema kwa upole. "Jicho bado."

Masalu alirudi nyumbani amefura. Alimweleza Scola, akitegemea pole. Hakuipata.

"Wewe mwenyewe ulisoma mara tano," Scola akasema. "Ulitupa karatasi?"

"Sikuitupa."

"Basi umewanyang'anya watoto jembe ukawaambia walime."

Ukweli huo ulimchoma. Jumanne asubuhi, kabla hata ya salamu, alisema, "Wanangu, mwalimu wenu amekosea." Watoto walitazamana, hawakuwahi kusikia neno hilo kutoka kinywani mwake. Akarudisha nakala zote na kutoa amri mbili: karatasi isitoke mkononi, na kila ukirudia, badilisha sehemu. Aliyekuwa Punda awe Ng'ombe, kisha Fisi, kisha Msimulizi. Sauti ya mwenzako unaweza kuikumbuka, ila kupokea zamu mahali pake kunakulazimisha ufuate mstari kwa jicho.

Kwandu alimpata Athumani, mtoto wa mwenye duka, kuwa mwenzake. Mmoja akisoma, mwingine anafuata kwa kidole na kumshtua akiruka neno. Masalu aliwaonyesha alama: kwenye mkato pumua kidogo, kwenye nukta tua, kwenye alama ya kuuliza sauti iulize. Jumanne Kwandu alidonoa. Jumatano alianza kuyashika maneno mawiliwili, matatumatatu: "maji yangu", "kwa kwato zangu". Alhamisi alimsomea mama yake shambani sehemu zote nne, na kwa mujibu wa Athumani, aliyekuwa akipita kwa baiskeli, hata wachuma pamba wa shamba la jirani walisimama kusikiliza.

Ijumaa wazazi walijaa. Wanne walisimama mbele na karatasi zao, Kwandu akiwa Punda. Kabla hawajaanza, Mwalimu Gloria aliinua mkono. "Wabadilishane. Kwandu awe Msimulizi."

Masalu alivua miwani. Msimulizi ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote.

Kwandu akaweka kidole kwenye mstari, akasoma. Kiangazi kilikuja, jua likawaka, Punda akachimba. Sauti ilipanda na kushuka, wazazi wakasogea mbele. Kisha akasoma, "Fisi akaja polepole akanywa maziwa." Kicheko kidogo kikatoka nyuma, kwenye dirisha walikochungulia darasa la pili. Masalu alimwona Shija, meno yote nje. Akafumba macho.

Kisha sauti ya Kwandu, bila kuulizwa na mtu: "Hapana. Fisi akaja polepole akanywa *maji*." Akatua kwenye nukta, akaendelea mbele kama mtu aliyejikwaa na hakuanguka.

Masalu alifumbua macho. Wimbo wa kukariri haujisahihishi namna ile. Mtoto aliona neno, akalikataa kosa, akalirudia. Alikuwa anasoma! Masalu alijikuta amesimama mbele ya wazazi wote, miwani mkononi, na hakuona haya.

Makofi yalipotulia, Mwalimu Gloria alimpa Kwandu ukurasa mmoja wa igizo na kuwasha saa. Maneno sitini na mawili. Kisha akampa tangazo la chanjo ya mifugo ambalo hakuwahi kuliona. Hilo alilisoma taratibu zaidi, akikwama kwenye maneno mawili marefu, ila sentensi hazikukatika tena silabi kwa silabi.

"Anabaki darasa la tatu," Mwalimu Gloria alisema. "Na hizo karatasi, Mwalimu Masalu, nakuomba nakala za darasa la pili."

Kwandu alikuwa ameshafika dirishani. Alimpitishia mdogo wake karatasi yake iliyochakaa pembe zote. "Shika," akamwambia. "Wewe utaanza na Fisi. Weka kidole hapa."