Usajili Ulioisha Jumapili ya Matawi

Dada yangu mkubwa anaishi Bukavu, upande wa Congo, mimi naishi Kamembe, upande wa Rwanda, na mama yetu. Tangu tununue mashine za michezo ya video tumekubaliana hivi: Pasaka italiwa kwa atakayeshinda mechi ya mpira. Watu wazima, wake za watu, kila mmoja anakaa mbele ya televisheni yake, mto Rusizi katikati, tunapigana kwa vidole. Na asiyeonekana mtandaoni saa kumi ya Jumapili ya Matawi, huyo ameshindwa.

Mwaka huu nilitaka kushinda kuliko mwaka wowote. Magoti ya mama yamechoka, na nilikwisha kuamua moyoni kwamba foleni ya mpakani kwenye daraja la Rusizi I haimfai tena. Nikishindwa, ukoo wote utakula Bukavu na yeye atabaki hapa kutazama ukuta. Sikuweza hata kulifikiria.

Nikawasha mashine mapema, nikabonyeza mchezo wa mtandaoni. Skrini ikajibu kwamba sehemu hiyo ni ya wenye usajili tu. Usajili gani tena? Mimi hulipia kila mwezi, pesa inakatwa yenyewe kwenye kadi. Nikazima modemu, nikaiwasha, nikaitukana vizuri. Nikajaribu kucheza na kompyuta peke yangu, ikakubali bila shida, nikazidi kuwaka.

“Acha kupigapiga ile kitu,” mama akasema kutoka kwenye kochi lake. “Soma kwanza kile iko inasema.”

Hasira ni hasara, na mama huwa hachoki kunikumbusha. Nikaingia kwenye mipangilio, nikafungua akaunti yangu, kisha ukurasa wa usajili. Hapo mambo yote yalikuwa wazi: usajili umeisha, kujilipia kwenyewe kila mwezi kumewashwa, lakini malipo ya mwisho yamekataliwa.

“Yamekataliwa namna gani, Maman? Feza iko.”

Nikamwonyesha simu, na kweli pesa ilikuwepo. Mama akaitazama sana.

“Hii ni feza ya laini gani?”

Sisi tunaouza vitenge mpakani tuna laini mbili kwenye simu moja, ya Rwanda na ya Congo, na pesa zetu zinavuka kuliko sisi wenyewe. Wiki ile nilikuwa nimehamishia kila kitu upande wa Congo, kulipia mzigo. Nikarudi kwenye ukurasa wa usajili nikatazama tarakimu za mwisho za kadi iliyowekwa pale. Ilikuwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwa laini ya Rwanda, na ndani yake hapakuwa na kitu. Kampuni ya mchezo ilibisha hodi kwenye nyumba niliyoihama.

Nikashuka mbio na kandambili hadi kwa wakala wa pesa aliye chini ya mwavuli wake, nikampa noti, akaziweka kwenye laini ya Rwanda. Njiani nikapandisha pesa kwenye kadi, nikihema. Simu ikalia, dada.

“Mudogo yangu, uko unaogopa? Mimi niko nakungoja.”

“Ngoja vizuri, Yaya,” nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa. “Leo utalia.”

Nyumbani nikabonyeza kulipa upya. Mara hii sikuamini kitu. Nikafungua tena ukurasa ule mpaka nikaona kwa macho yangu neno “unatumika” na tarehe ya malipo yajayo. Nikatoka kwenye mchezo, nikaingia upya, na jina la dada likatokea kabla tu ya saa kumi.

Nikamfunga mawili kwa moja. La pili lilikuwa la dakika ya mwisho, na nililishangilia nikiruka juu ya mkeka hadi jirani akagonga ukuta. Nikamgeukia mama, nikitegemea baraka.

Alikuwa anatabasamu kidogo tu, akinyoosha kitenge kwenye magoti.

“Umecheza muzuri,” akasema. “Sasa Pasaka ni hapa.”

“Maman, kuna nini?”

“Hapana kitu. Nilikuwa nataka kuona tena ile nyumba ya Bukavu kwenye nilibazalia nyinyi wote. Nilikuwa naombea dada yako ashinde.”

Nilibaki na maneti, kile kidude cha kuchezea, mkononi kama mjinga. Hakuna aliyemuuliza, na wa kwanza wa kutomuuliza nilikuwa mimi, ninayelala naye nyumba moja. Halafu kicheko kikanishika, na yeye kikamshika, tukacheka hadi tukafuta macho.

Nikampigia dada.

“Pika mingi. Tunakuja kwako.”

“Umenishinda, na bado utakuja kwangu?”

“Maman anakuja. Kama magoti inamukatalia kwa daraja, nitamubeba kwa mugongo.”

Upande wa pili nikamsikia dada akiita watoto wake waje wasikie kwamba bibi yao anakuja.